VPN kwenye waifai ya bure: nani haoni tena, nani bado anaona

Kaka, natumia waifai ya mgahawa ulio jirani na hosteli yetu. Mwenye mgahawa anaweza kusoma meseji zangu na kuona nywila? — Mwanafunzi, Dodoma

Kusoma, hapana. Kujua unakwenda wapi, ndiyo, kwa kiasi kikubwa.

Hofu hii ina historia. Oktoba 2010 ilitoka nyongeza ya kivinjari cha Firefox iitwayo Firesheep. Aliyekuwa nayo alikaa mgahawani, akaona majina ya watu wa meza za jirani, akabofya moja na kujikuta ndani ya Facebook ya mwenzake. Iliwezekana kwa sababu tovuti nyingi siku hizo zilificha nywila pale unapoingia tu, kisha mengine yote yakasafiri wazi. Leo tovuti karibu zote zinatumia HTTPS, kwa hiyo kilichomo ndani ya ukurasa kimefungwa njia nzima. Meseji za WhatsApp nazo zimefungwa tangu simu yako hadi simu ya unayemwandikia.

Kinachobaki wazi ni jina la mahali unakokwenda. Siku moja nilijikagua mwenyewe: nikaigeuza laptopu yangu kuwa hotspoti, nikaunganisha simu yangu, nikafungua programu ya Wireshark na kuandika kichujio hiki:

```
dns || tls.handshake.extensions_server_name
```

Kabla sijagusa simu mistari ilikuwa imeshaanza kushuka: programu ya barua pepe inauliza anwani ya seva yake, programu ya benki nayo inafanya hivyo hivyo. Nilipofungua tovuti moja ya habari, jina lake likatokea kama lilivyo, lakini sikuweza kujua ni habari gani nilikuwa nasoma. Ni kama kutuma kifurushi kwa basi. Konda hajui ndani kuna nini, ila jina la mpokeaji analisoma, na uzito anaujua.

Nikawasha VPN kwenye simu ile ile. Majina yote yakakatika. Nilipokifuta kichujio, nikaona mistari inayofanana ikielekea anwani moja tu. Sasa vifurushi vyote vimetiwa ndani ya gunia moja lililoandikwa jina la wakala wa mji mwingine. Konda anajua gunia limepita, saa ngapi na zito kiasi gani, basi. Wakala, yaani kampuni ya VPN, ndiye anayelifungua na kusoma majina. Mshike huyo wakala, tutarudi kwake.

Nikiwasha VPN kwenye waifai ya chuo, watu wa IT hawajui ni mimi, si ndiyo? — Wa mwaka wa pili

Wanajua ni wewe. Hawajui unafanya nini.

Waifai nyingi za vyuo unaingia kwa namba ya usajili na nywila. Jina lako liliandikwa kwenye kumbukumbu za mtandao kabla VPN haijawaka, na VPN haifuti kilichoandikwa. Kumbukumbu zitasema: namba fulani, saa 4:10 asubuhi, iliunganishwa na seva ya VPN kwa dakika 40.

Hilo pekee laweza kutosha. Desemba 2013 mwanafunzi mmoja wa Harvard, Marekani, alitaka kukwepa mtihani. Akatuma barua pepe za vitisho vya mabomu kupitia huduma ya barua za muda, akiwa amejificha nyuma ya Tor, ambayo ni mtandao unaoficha kuliko VPN ya kawaida. Barua zenyewe zilionyesha kwamba zimepitia Tor, lakini hazikuonyesha zimetoka kwa nani. Wachunguzi hawakuhitaji kuivunja Tor. Waliangalia kumbukumbu za waifai ya chuo: nani aliitumia Tor saa chache kabla ya barua kufika? Wakampata, wakamhoji, akakiri.

Chuo chenye wanafunzi maelfu, wenye kutumia kitu kile kwa saa ile ni wachache. VPN haikuchanganyi na umati kama hapo ulipo huna umati.

Nimechagua seva ya Ujerumani lakini Google bado inaniletea matangazo ya maduka ya Mbezi. VPN yangu mbovu? — Dar es Salaam

Huenda ni nzima kabisa. Fungua `ifconfig.me` ukiwa umeizima, nakili namba utakayoiona, kisha iwashe na ufungue tena. Namba ikibadilika, VPN inafanya kazi yake.

Ila namba hiyo ni alama moja tu kati ya nyingi. Kama umeingia kwenye akaunti yako, Google haina haja ya kukisia: umeshajitaja mwenyewe. Vidakuzi vilivyobaki kwenye kivinjari tangu jana vinakutambulisha pia. Na ukiwa umeiruhusu programu kusoma mahali ulipo, GPS itasema Mbezi hata kama intaneti yako inatokea Berlin.

VPN za bure zipo nyingi. Kuna ubaya gani? — Mwanafunzi, Mombasa

Ndipo tunarudi kwa wakala. Majina ambayo mwenye mgahawa hayaoni tena, yeye anayaona yote, na kwa simu inayowashwa VPN kutwa nzima anaona zaidi ya mgahawa wowote. Mgahawa unakujua kwa saa moja ya chai.

Facebook ilinunua kampuni ya Onavo mwaka 2013. Programu yake ya VPN, Onavo Protect, ilikuwa ya bure na ilinadiwa kama kinga. Kumbe Facebook ilitumia takwimu zake kujua watu wanapenda programu gani za washindani. Mwaka 2018 iliondolewa kwenye duka la programu la Apple.

Si kila ya bure ni mtego. Zipo kampuni ambazo wateja wanaolipa ndio wanaobeba gharama za wasiolipa. Mimi huangalia hilo kwanza: pesa ya seva inatoka wapi? Nisipopata jibu kwenye tovuti yao, afadhali niende na HTTPS peke yake.

Nilifungua linki ya kuhakiki mkopo, nikaweka nywila, baadaye nikagundua ni feki. Lakini VPN ilikuwa imewaka. — Morogoro

Pole. VPN iliifikisha nywila yako salama salimini mikononi mwa mwizi. Ibadilishe sasa hivi, na kila pengine ulipoitumia hiyo hiyo.

Kwenye stendi waifai inataka niweke namba ya simu kwanza, na VPN inagoma mpaka nimalize. Nifanyeje? — Kisumu

Fuata utaratibu wao, huna njia nyingine: ruta haikupitishi mpaka ukubali ukurasa ule. Jua tu kwamba namba ya simu umeshawapa, na VPN hairudishi.

Tatizo ni zile sekunde kati ya kukubaliwa na VPN kushika. Barua pepe na programu nyingine hukimbilia nje mara tu mlango unapofunguka, na majina yake hupita wazi. Kwenye Android nyingi, nenda mipangilio ya VPN, gusa alama ya gia, washa `Always-on VPN` pamoja na `Block connections without VPN`. Hapo karibu hakuna kinachotoka mpaka VPN iwe imeshika, na ikikatika katikati intaneti inakatika nayo. Kwa baadhi ya simu ukurasa wa kuingia nao utagoma kufunguka; zima hicho cha pili kwanza, weka namba, kisha kiwashe tena kabla hujafungua kitu kingine.