Zaburi 23: anzia mstari wa 4

"Mwalimu, tangu tumzike mume wangu, kila anayekuja matangani hapa Likoni ananisomea Zaburi 23. Hiyo faraja yenyewe iko wapi?"

Pole sana, dada. Wengi huisoma mbiombio wafike kwenye "wema na fadhili", na mfiwa anaachwa nyuma. Wewe anzia mstari wa 4. Katika mistari mitatu ya kwanza, mtunga zaburi anamsimulia Mchungaji: hunilaza, huniongoza. Akifika kwenye bonde la uvuli wa mauti anaacha kusimulia, anamgeukia mwenyewe: "Wewe upo pamoja nami." Bonde halikuondolewa. Na angalia, anachokataa ni kuogopa, si kulia. Wanaokukataza machozi kwa zaburi hii wameongeza yao.

Kisha kuna vifaa viwili mkononi. Gongo ni la kumpiga mnyama mkali anayelivamia kundi, fimbo ni ya kumwelekeza kondoo asiyeiona njia. Vyote viwili ni vya mchungaji aliye karibu, maana kwa mbali havifai kitu.

Usiku wageni wakishaondoka, soma mstari huo peke yake, kwa sauti, polepole. Meza ya mstari wa 5 ikikukera kwa sasa, iruke tu.