Kroshia ya Kitunisia: namna ya kuzuia kitambaa kisijikunje

Anayeingia kwenye kroshia ya Kitunisia akiwa tayari anaijua kroshia ya kawaida hukutana mapema na jambo asilolizoea: kitambaa anachofuma kinajikunja kuja mbele. Ukingo wa chini ndio unaoanza kuinuka, kisha pembe hufuata, na asipochukua hatua yoyote kipande kizima hujiviringisha kama mkeka uliohifadhiwa. Wengi hufikiri kwamba wamekosea hesabu, wakafumua, wakaanza upya kwa namna ileile, na matokeo yakawa yaleyale. Kujikunja huku kunatokana na jinsi kitambaa chenyewe kinavyojengwa, kwa hiyo ni lazima kwanza tuutazame ujenzi huo kwa karibu.

Tuchukue mfano wa skafu yenye upana wa vitanzi 30, iliyofumwa kwa uzi wa akriliki ambao lebo yake inapendekeza sindano ya milimita 4. Sindano inayotumika hapa ni ndefu, yenye kulabu upande mmoja na kizuizi upande wa pili, kwa sababu vitanzi vyote vya mstari hukaa juu yake kwa wakati mmoja. Unaanza kwa mnyororo wa vitanzi 30. Katika mwendo wa kwenda, ambao kwa anayetumia mkono wa kulia huelekea kushoto, unaingiza sindano katika kila kitanzi cha mnyororo, unazungusha uzi na kuvuta kitanzi kipya, lakini hukimalizi. Unakiacha kwenye sindano na kuendelea. Kitanzi ulichokuwa nacho tangu mwanzo kinahesabiwa kuwa cha kwanza, hivyo unaanza kuvuta katika kitanzi cha pili cha mnyororo, na mwishoni sindano inakuwa imebeba vitanzi 30 kamili.

Kazi haigeuzwi. Katika mwendo wa kurudi, unazungusha uzi na kuupitisha kwanza katika kitanzi kimoja tu, kisha unazungusha na kuupitisha katika vitanzi viwili viwili hadi kibaki kimoja. Kile kimoja cha mwanzo ndicho kinachoupa ukingo wa kushoto kimo chake. Ukikisahau, upande huo hubanwa na kuwa mfupi kuliko wa kulia. Miendo hiyo miwili kwa pamoja ndiyo inayohesabiwa kuwa mstari mmoja.

Ukiutazama mstari uliokamilika utaona nyuzi zilizosimama wima, moja kwa kila kitanzi. Katika mstari unaofuata unaruka uzi uliosimama wa kwanza kabisa, kwa kuwa kitanzi kilichobaki kwenye sindano kiko juu yake, kisha unapitisha sindano nyuma ya kila uzi uliosimama, kutoka kulia kwenda kushoto, na kuvuta kitanzi. Kwenye ukingo wa kushoto shika nyuzi mbili kwa pamoja, ule wa mbele na ule unaoufuata nyuma yake, ili ukingo uwe imara. Kabla ya kurudi, hesabu vitanzi. Vikiwa 29, mara nyingi ni huu wa mwisho uliorukwa. Vikiwa 31, huenda umevuta kitanzi katika uzi wa kwanza uliopaswa kurukwa.

Sasa geuza kipande chako utazame mgongo wake. Mbele kuna nyuzi zilizosimama zilizolala kwa utulivu, lakini nyuma kuna matuta ya mlalo yaliyosongamana, kwa sababu kila kitanzi kilivutwa kutoka nyuma kuja mbele na kusukuma sehemu kubwa ya uzi upande wa nyuma. Mgongo wenye uzi mwingi zaidi unadai nafasi kubwa kuliko uso, na kwa kuwa pande hizo mbili zimefungamana, kitambaa hakina budi kuinama kuelekea upande wenye uzi mchache, yaani mbele. Dawa zote zinazofanya kazi ama zinaupa mgongo nafasi, ama zinagawa matuta hayo pande zote mbili.

Hatua ya kwanza ni ukubwa wa sindano. Kwa uzi wa lebo ya milimita 4, anza na sindano ya milimita 6, au hata 6.5 iwapo mkono wako unakaza. Skafu yetu ikifumwa kwa milimita 4 huwa ngumu na hujikunja yote; ikifumwa kwa milimita 6 hulegea, hupata upana wa takriban sentimita 18 hadi 20, na sehemu ya katikati hutulia. Hiyo peke yake haitoshi kwa ukingo wa chini, ila bila hiyo hatua nyingine zote hufanya kazi kwa shida.

Jambo la pili, ambalo naona halipewi uzito unaostahili, ni mvuto wa mkono katika mwendo wa kurudi. Wengi hufuma kwa uangalifu wanapokwenda, kisha hurudi kwa haraka wakivuta uzi baada ya kila jozi. Kipimo chake ni rahisi: tazama kama nyuzi zilizosimama zimesogeleana kuliko zilivyokuwa kwenye sindano, na kama ncha ya sindano inaingia nyuma yake kwa taabu. Ukiona hivyo, umekaza. Acha kila kitanzi cha kurudi kipate unene kamili wa shina la sindano kabla ya kwenda kwenye jozi inayofuata.

Baada ya hapo shughulikia msingi. Badala ya kuingiza sindano katika nyuzi mbili za uso wa mnyororo, geuza mnyororo kidogo na uvute vitanzi kutoka katika vituta vilivyo mgongoni mwake. Kisha fuma mistari miwili inayofuata kwa vitanzi vya kinyume: leta uzi mbele ya kazi, ingiza sindano nyuma ya uzi uliosimama kama kawaida, rudisha uzi nyuma kwa kuupitisha chini ya sindano, uzungushe kwenye ncha na uvute. Tuta sasa linakaa mbele, na mistari hiyo inavuta kuelekea upande ulio kinyume na ule wa sehemu nyingine ya kitambaa. Kitanzi cha mwisho cha kushoto kibaki cha kawaida.

Ikiwa unataka skafu iliyotulia tangu mwanzo hadi mwisho, pokezanisha kitanzi cha kawaida na cha kinyume katika mstari mzima, na katika mstari unaofuata uweke cha kinyume juu ya cha kawaida. Hutumia muda zaidi, lakini matuta hugawanyika sawasawa, na mimi huupendelea mtindo huu kwa kitu ambacho hakitazungushiwa pindo.

Kunyoosha huja mwishoni. Pamba na sufu huloweshwa, hukamuliwa kwa taulo bila kusokotwa, hubanwa kwa pini kwenye vipimo vyake na kuachwa zikauke kabisa, na kazi hiyo hurudiwa baada ya kufua. Akriliki huhitaji mvuke wa pasi iliyoinuliwa sentimita kadhaa juu ya kitambaa. Pasi ikikigusa, nyuzi huyeyuka kidogo na kulegea moja kwa moja, kwa hiyo jaribu kwanza kwenye kipande kidogo cha uzi huohuo. Kitambaa kilichofumwa kwa kukazwa sana kitanyooka kikiwa na pini na kurudia kujikunja zikishaondolewa. Hicho kifumue, na uongeze ukubwa wa sindano.