Ujuzi 12 kwenye wasifu, wateja hakuna

"Nimeorodhesha tafsiri, uhariri, unukuzi, manukuu, hadi Canva. Mbona hakuna anayenitafuta?"

Habari ndugu. Anza na ankara zako za mwaka jana: kazi iliyojirudia na kulipa vizuri ndiyo uwanja wako. Tuseme ni hojaji za afya. Sentensi ya kwanza iwe: "Natafsiri hojaji za utafiti wa afya kwa Kiswahili ambacho mhojiwa wa kijijini anakielewa bila kufafanuliwa." Chini yake eleza kazi moja: maswali 60, siku 5, maswali 9 yaliyowachanganya watu kwenye majaribio yakaandikwa upya. Namba hizo ni za mfano. Weka zako za kweli, maana mteja makini atazihoji. Mkataba ukikataza kumtaja mteja, "shirika la afya, Dodoma" inatosha. Canva futa, inakuletea watu wa mabango ya bei chee.