Nikishalipa ada, kitabaki kitu?

Swali: Nasikia hisa za bei nafuu, za kampuni ndogo, zinazopanda kwa kasi na za kampuni imara hushinda soko. Nina shilingi milioni moja ya kuweka kwenye soko la hisa la Nairobi. Nikishalipa ada, kitabaki kitu?

Jibu: Ndugu yangu, inategemea mbinu yenyewe inakulazimisha kununua na kuuza mara ngapi.

Anza na hisa zinazopanda. Mwaka 1993 watafiti Jegadeesh na Titman walionyesha kwamba Marekani hisa zilizofanya vizuri kwa miezi 6 ziliendelea kuzishinda zilizofanya vibaya kwa takriban asilimia 1 kwa mwezi, kabla ya gharama. Lakini sehemu ya faida hiyo ilipatikana kwa kuuza hisa za kuazima ili kuzinunua tena bei ikishuka, jambo ambalo mwekezaji mdogo hapa haliwezi kirahisi. Zaidi ya hayo, orodha ya hisa zinazopanda hubadilika upesi, hivyo unalazimika kununua na kuuza mara kwa mara.

Tuseme dalali na tozo nyingine hula asilimia 1.5 unaponunua na 1.5 unapouza. Ukibadilisha hisa zote mara mbili kwa mwaka, umelipa asilimia 6: shilingi 60,000 katika milioni yako. Na hapo bado pengo la bei. Kama mnunuzi anatoa 20.00 na muuzaji anataka 20.60, ukinunua na kuuza papo hapo umeshapoteza karibu asilimia 3. Hiyo haiandikwi kwenye risiti ya dalali, ndiyo maana wengi huisahau.

Hisa nafuu, yaani zenye bei ndogo ukilinganisha na mali au faida ya kampuni, huchukua muda kurudi kwenye thamani yake. Ukibadilisha theluthi moja tu kwa mwaka, ada ni shilingi 10,000. Ubora, yaani uimara wa kampuni, nao hubadilika polepole, na ningeutumia kama chujio: kampuni nafuu yenye madeni mengi na faida inayoyeyuka mara nyingi ni nafuu kwa sababu ya kweli.

Kampuni ndogo nisingezifuata kwa udogo wake pekee. Mtafiti Banz aliandika mwaka 1981 juu ya faida ya kuwekeza kwenye kampuni ndogo, na baada ya hapo ikafifia sana Marekani. Isitoshe, ndizo zenye pengo pana kuliko zote.

Punguza pia matarajio yako. Watafiti McLean na Pontiff walipima mbinu 97 za aina hii na kukuta faida yake imepungua kwa wastani wa asilimia 58 baada ya utafiti kuchapishwa.

Ningefanya hivi: panga kampuni kwa unafuu, ondoa dhaifu, nunua kutoka kwenye 12 za juu, na usiuze hadi hisa itoke kwenye 30 za juu. Nafasi hiyo kati ya 12 na 30 inakuepusha kuuza kwa sababu kampuni imeteremka ngazi moja tu. Kabla ya kununua, fuatilia wiki nzima bei za wanunuzi na wauzaji. Pengo likizidi asilimia 2, weka oda ya bei maalum, yaani taja bei ya juu kabisa utakayolipa, na usubiri.