Besi hawakuchelewa, mkono wangu ndio ulichelewa

Kwa karibu miaka mitatu nililaumu sauti ya nne, yaani besi. Kwaya yetu ya kanisa hapa Kisumu ina watu 26, na besi ni watano tu: fundi wa pikipiki, mwalimu mstaafu, vijana wawili kutoka Manyatta, na mzee mmoja anayefika mazoezini kabla ya kila mtu. Kuna wimbo tulioupenda ambao besi hukaa kimya kwa vipimo saba vizima. Halafu, kwenye pigo la nne la kipimo cha nane, wanaingia na neno dogo, "na", ambalo linawavusha hadi pigo la kwanza la kipimo cha tisa. Kila Jumamosi nilifika hapo nikawanyooshea kidole kama mwenye kumwita mtu aliyevunja glasi, na kila Jumamosi "na" yao ikaja pigo moja nyuma, wenzao wakiwa wameshafika mbele.

Siku moja nikapandisha sauti. Yule mzee akavua miwani, akaniita mwalimu kwa Kijaluo, akasema kwa upole: "Japuonj, sisi tunaimba unapoteremsha mkono. Ukiupandisha tunajua bado."

Nilienda nyumbani na maneno hayo, kwa sababu alikuwa sahihi kabisa. Katika nne, yaani wimbo wenye mapigo manne kwa kila kipimo, pigo la nne ndilo linalopanda. Mimi nilikuwa naupandisha mkono tu, kama mtu anayechukua kitu kabatini, kisha nauangusha kwenye moja. Besi waliona kupanda, wakasubiri. Waliona kushuka, wakaimba.

Kwa hiyo nilianza upya, na nilianzia kwenye meza. Simama mbele ya meza inayofika usawa wa kitovu. Kila pigo, liwe la kwanza au la mwisho, lazima liguse meza hiyo. Mwelekeo wa mkono, kulia au kushoto au juu, ni njia tu ya kwenda na kutoka. Pigo lenyewe ni mguso. Mwimbaji haimbi wakati mkono unasafiri, anaimba unapogusa. Gonga kwa ncha za vidole, acha mkono udunde kama mpira, kisha uende ulipokusudia. Baada ya dakika kumi ondoa meza lakini uendelee kuigonga.

Kwa mkono wa kulia, njia ni hizi. Mbili: moja inashuka moja kwa moja katikati na kudunda kidogo kuelekea nje, mbili inarudi kugonga karibu na hapo na kupanda hadi juu. Tatu: moja chini, mbili inagonga nje upande wa kulia, tatu inarudi ndani, inagonga, inapanda. Nne: moja chini, mbili inavuka kifua na kugonga kushoto, tatu inakwenda kulia hadi nje, nne inarudi ndani, inagonga, inapanda. Anayekutazama anaona kinyume, kushoto kwako ni kulia kwake, lakini hilo halimsumbui mradi njia haibadiliki.

Kosa la mbili ni mdundo. Ukigonga moja na kuuacha mkono udunde hadi usawa wa uso, waimbaji wataona kama pigo la kwanza limekuja mara mbili, maana kila kitu kinashuka kutoka juu. Mdundo wa moja uishie chini ya kifua. Kupanda kabisa ni mali ya pigo la mwisho peke yake, na ndiyo sababu anayeinua macho kutoka kwenye karatasi katikati ya wimbo anaweza kujua yuko wapi. Tatu haina matata mengi, ila usiipeleke mbili ndani kushoto. Nimewaona walimu wa kwaya wanaofanya hivyo, na kwaya inabaki ikijiuliza kama wimbo ni wa tatu au ni nne iliyokatwa mkia.

Kuhusu nne, kabla sijarudi kwa besi, kuna jambo la karatasi. Wengi wetu huku tunasoma solfa, muziki ulioandikwa kwa herufi za do, re, mi, na solfa ina mtego wake. Nukta mbili hutenganisha mapigo, mstari mrefu huonyesha pigo zito la mwanzo wa kipimo, na katika nne kuna mstari mfupi katikati, kabla ya pigo la tatu, kwa sababu la tatu lina uzito wa wastani. Karatasi ikishapita fotokopi ya tano, mstari mfupi na mrefu ni ndugu mapacha. Wimbo wangu ulionekana hivi:

```
:s | d :m | s :m | l :s | m :-
```

Nikauongoza kwa mbili. Ukawa mzito, kama watu wanaopanda ngazi na gunia, kwa sababu kila pigo la tatu lilipata uzito wa moja. Ukishuku karatasi yako, imba maneno bila mkono na usikilize silabi zipi zinabeba wimbo. Zikija kila baada ya mapigo manne, ni nne, hata kama mistari inakudanganya.

Angalia pia mwanzo wa mstari huo: unaanza na nukta mbili, si na mstari. Maana yake ni kwamba kwaya inaanza kwenye pigo la mwisho la kipimo, la nne, kabla ya moja. Hapa ndipo mazoea ya kuhesabu "moja, mbili, tatu, nne, haya!" yanapoharibu mambo. Watu wanaanza baada ya nne badala ya kuanza juu ya nne, au nusu yao wanafanya hili na nusu lile. Kanuni ni nyepesi: wimbo ukianza kwenye pigo fulani, unatoa pigo lililotangulia, moja tu, na unavuta pumzi pamoja nalo. Ukianza kwenye moja katika nne, toa nne. Ukianza kwenye nne, toa tatu, yaani mkono unakwenda nje kulia huku mdomo wako ukifunguka kwa pumzi, kisha unarudi ndani kugonga nne na watu wanaimba. Katika tatu, wimbo unaoanzia pigo la tatu unaandaliwa na la pili. Pigo hilo la maandalizi liwe na kasi ile ile ya wimbo. Ukilitoa haraka na wimbo ni wa pole, kwaya itaamini pigo, haitaamini ulichosema jana.

Ukubwa wake pia unasema kitu. Mkono mdogo ulio karibu na mwili, watu wanaanza taratibu. Mkono mpana, wanaanza kwa nguvu.

Sasa kipimo cha nane. Kasi ya wimbo ni mapigo 72 kwa dakika, kwa hiyo kati ya pigo na pigo hakuna hata sekunde moja. Kidole changu kilinyooka kwenye la nne lenyewe. Fikiria mtu aliyenyamaza vipimo saba: aone kidole, ajue ni yeye, avute pumzi, atoe sauti, vyote kwa wakati mmoja. Haiwezekani. Hata kama mkono wangu wa kulia ungegonga vizuri, bado ningekuwa nimechelewa.

Ninavyofanya siku hizi ni hivi. Kwenye pigo la kwanza la kipimo cha nane nainua macho kutoka kwenye karatasi na kuwatazama besi, kichwa na mabega vikiwageukia kidogo. Sauti tatu nyingine wanaendelea na mkono wa kulia, hawanihitaji usoni. Kwenye la pili nahakikisha angalau wawili wamenitazama. Kwenye la tatu, mkono wa kulia ukiwa unakwenda nje, wa kushoto unapanda kutoka kiunoni, kiganja kikielekea juu, nami navuta pumzi ambayo wanaiona. Hilo ndilo pigo langu la kazi. Kwenye la nne mikono yote miwili inagonga meza ile isiyoonekana, wa kulia unapanda kwenda kuitafuta moja, wa kushoto unabaki pale pale na "na" inatoka. Sisogezi mkono wa kushoto tena mpaka tumepita moja, kwa sababu ukiufuatisha wa kulia kama kivuli watu wataacha kuutazama.

Mara ya kwanza nilipofanya hivyo, wanne waliingia. Wa tano, yule fundi wa pikipiki, alikuwa anasoma ujumbe kwenye simu.

Kama sauti inaingia nusu pigo baadaye, kwenye solfa utaona kitone baada ya nukta mbili, kama `: .s`, usijaribu kuigonga hiyo nusu. Gonga pigo kamili kwa ukali kidogo na usiruhusu mdundo mkubwa. Wataruka wenyewe kutoka hapo. Ukigonga na nusu, utapata mapigo mawili na watu wa aina mbili.

Unajuaje mkono wako unasomeka? Weka simu kwenye kiti cha besi, si cha sauti ya kwanza waliokaa mbele yako, rekodi dakika mbili, kisha itazame bila sauti. Kama wewe mwenyewe hujui moja iko wapi, mzee wa kona hajui. Jaribio la pili nalipenda zaidi: waambie kwaya wasiimbe, ongoza nne kimya, simamisha mkono popote ghafla, waulize ni pigo la ngapi. Kwetu mara ya kwanza waliponijibu "la nne" nilikuwa kwenye la pili. Kwenye pigo la pili mkono wangu ulikuwa haufiki kushoto, ulikuwa unaishia katikati na kupanda.

Haya yote ni kwa nyimbo zilizoandikwa kwa vipimo. Tukiimba nyimbo za kienyeji, ambapo mwimbishaji anaita na kundi linaitikia huku ngoma ikipiga, naingia kwenye mstari na kuimba. Anayeongoza pale ni mwimbishaji, na nne zangu mbele yake zingemfanya aonekane ana askari wa trafiki.

Swali ambalo bado linanirudia ni la sauti mbili zinazoingia karibu karibu, tuseme ya pili kwenye la kwanza na ya nne kwenye la tatu. Mkono wa kushoto ni mmoja. Mimi nawapa macho na mkono walionyamaza muda mrefu zaidi, na wale wengine nawapa kichwa tu, kuinamisha kidogo kwenye pigo la kabla. Mama mmoja wa sauti ya pili amelalamika kwamba nawapendelea besi. Ni kweli, wao ni watano.