Kukata Hadithi Bila Kuiua: Majibu kwa Wasomaji

Shikamoo mwalimu. Nina hadithi ya maneno 5,400, imeandikwa mfululizo bila kukatwa popote. Nimejaribu kuanza sura mpya kila mhusika anapolala, lakini sura zimepoa. Nikate wapi?

Marahaba, mwanangu. Hadithi yako nimeisoma mara mbili, na kwa kuwa umeniruhusu, nitaitumia kama mfano. Kijana Rashidi anarudi Pangani kuuza nyumba ya marehemu baba yake. Shangazi anamnyima ufunguo, kisha anampa. Mnunuzi anakuja kupima vyumba. Ndani ya sanduku la baba inaonekana karatasi ya madeni yenye jina asilolijua. Rashidi anavuka mto kwa kivuko kwenda Bweni kumtafuta mwenye jina hilo, nahodha mzee, halafu anarudi kuamua kama atauza.

Mara ya kwanza nilisoma na penseli mkononi. Kila palipobadilika wakati, mahali, au mtu tunayemfuata, niliweka alama pembeni. Zilitoka alama 11. Hizo ni mishono ya maonyesho, si ya sura, na hapo ndipo wengi hukosea: wanaona mshono, wanaandika "Sura ya Pili".

Mara ya pili niliandika kwenye kila alama, kwa mstari mmoja, msomaji anangoja kujua nini kabla ya hapo na anangoja nini baada ya hapo. Alama nane hazikubadili kitu: Rashidi alitoka sebuleni akaenda uani, jioni ikawa usiku, lakini swali lilikuwa lile lile. Alama tatu zilibadili. Mwanzoni tunauliza kama atapewa ufunguo. Akishaupata, tunauliza kwa nini shangazi hataki nyumba iuzwe. Karatasi ikionekana, tunauliza baba alikuwa akimlipa nani. Baada ya Bweni tunauliza jambo moja tu, kwamba atauza au hatauza. Mikato mitatu, sura nne. Katika zile alama nane zilizobaki, tano nilizipa nyota tatu za kutenganisha maonyesho ndani ya sura, na tatu zilitosha kuunganishwa kwa sentensi fupi kama "Jioni alirudi."

Sasa unaona kwa nini usingizi ulikuponza. Mtu akilala, swali halibadiliki. Linapumzika, na msomaji anapumzika nalo. Sura yako ya kwanza ilikwenda hivi: shangazi anatoa ufunguo, Rashidi anaingia, anatandika mkeka, anasikiliza upepo, analala. Nimeurudisha mkato nyuma hadi kwenye sentensi hii yako mwenyewe: "Shangazi aliuweka ufunguo mezani, lakini mkono hakuuondoa." Ishia hapo. Yale maneno 140 ya mkeka na upepo yafute, maana kesho asubuhi mnunuzi anapobisha hodi tutajua wenyewe kwamba Rashidi alilala humo.

Baada ya kufuta, sura zina maneno 1,450, 1,050, 1,900 na 860. Usihangaike kuzisawazisha. Ile ya tatu ni ndefu kwa sababu ina safari ya kivuko na mazungumzo ya Bweni, na ndiyo iliyobeba nyota nyingi. Ya nne ni fupi kwa sababu imebaki kazi moja.

Nikishakata, mwanzo wa sura mpya unasikika kama kitu kilichoanguka kutoka juu. Sentensi ni zile zile, sijabadilisha neno. Kosa ni nini?

Kosa ni hilo hilo la kutobadilisha neno. Sentensi iliyokuwa katikati ilikuwa imeshikwa mkono na ile ya mbele yake. Ukizitenganisha, mkono unabaki hewani.

Anza kwa kuangalia *-ka-*. Katika masimulizi yetu tunafungua kwa *-li-*, kisha vitendo vinafuatana kwa *-ka-*: "Alivuka na kivuko cha asubuhi, akapanda ngazi, akamkuta barazani akifuma wavu." Mwandishi mmoja aliyeniletea kazi alikata mnyororo kama huu katikati, sura yake ikaanza "Akamkuta barazani akifuma wavu." Sikio la Mswahili linasikia *-ka-* na papo hapo linatafuta kitendo kilichotangulia. Kiko ukurasa wa nyuma, juu ya kichwa cha sura, na hakivuki. Fungua upya kwa *-li-*: "Rashidi alimkuta nahodha mzee barazani, akifuma wavu."

Tazama pia kwamba nimerudisha majina. Kiambishi *a-* hakimtaji mtu, wala hakisemi ni mwanamume au mwanamke. Ndani ya aya moja hilo halisumbui. Baada ya mkato, "alimkuta" inaweza kuwa Rashidi amemkuta nahodha, shangazi amemkuta Rashidi, au mnunuzi amemkuta shangazi. Msomaji akibahatisha vibaya, atasoma mistari mitano kabla ya kugundua, na itabidi arudi juu.

Kisha tafuta maneno yanayoelekeza nyuma: huyo, hapo, ile, kesho yake. "Kesho yake" ni kesho ya siku gani, kama siku yenyewe imebaki sura iliyopita? Andika "Jumatano asubuhi". Mimi hupima hivi: nasoma sentensi mbili za kwanza za kila sura peke yake, nikiwa nimefunika zilizotangulia. Nisipojua ni nani, yuko wapi na ni lini, narekebisha.

Baada ya nyota unaweza kulegeza kidogo, kwa kuwa msomaji bado yumo ndani ya sura ile ile. Jina unaweza kuliacha kama mhusika hajabadilika. *-ka-* siilegezi hata hapo.

Je, kila sura niimalize kwa mshtuko ili msomaji asiondoke?

Mshtuko wa kweli unatoka kwenye jambo ambalo mhusika tayari analijua au analitenda. Ule mkono wa shangazi juu ya ufunguo umeshatokea, tumeuona, na maana yake ndiyo inayotuvuta. Ukimalizia kwa mlango kugongwa usiku, kisha sura inayofuata ikafunguka na kumbe ni paka, umemkopa msomaji na hukumlipa. Mara ya pili hatakukopesha.

Kuna sentensi moja ninayoikuta mara nyingi mwishoni mwa sura zilizokatwa: "Hakujua kwamba siku ile ingebadilisha maisha yake." Ifute. Huwekwa pale mwandishi anapohisi kwamba mkato haujashika, lakini dawa ni kusogeza mkato. Jaribu kurudi nyuma sentensi mbili au tatu. Aghalabu utakuta mwisho mzuri zaidi umekaa hapo, umefunikwa na maelezo.

Niweke nyota tatu au mstari mtupu? Na kwenye Word nyota zangu zinageuka kuwa mstari wa nukta, nashindwa kuufuta.

Weka nyota. Mstari mtupu ukiangukia chini kabisa ya ukurasa hauonekani, na msomaji anavuka kutoka Pangani hadi Bweni bila kujua kama amevuka. Nafasi hizo pia hupotea kirahisi hadithi inaponakiliwa kutoka faili moja kwenda jingine.

Huo mstari wa nukta ni Word inayodhani umeomba mpaka wa aya. Ukiandika `***` na kubonyeza Enter, inabadilisha. Bonyeza `Ctrl+Z` papo hapo, nyota zitarudi. Ukitaka kuizuia moja kwa moja, ingia `File > Options > Proofing > AutoCorrect Options > AutoFormat As You Type`, kisha ondoa alama ya tiki kwenye `Border lines`. Halafu nyota ziweke katikati ya mstari.

Vichwa vya sura vipe mtindo wa `Heading 1`, usiviongezee tu ukubwa na wino mzito. Kwa mtindo huo Word inaweza kukutengenezea yaliyomo yenyewe, na ukibadilisha jina la sura, unaagiza tu orodha isasishwe. Ukurasa mpya ufungue kwa `Ctrl+Enter`. Nimewahi kupokea mswada ambao mwandishi alisukuma kila kichwa kwa kubonyeza Enter mara ishirini. Nilipobadilisha ukubwa wa herufi, vichwa vyote vikahama, kimoja kikatua katikati ya ukurasa. Tukakaa mchana kutwa kuvirudisha.

Wala usiweke nyota mwisho wa sura. Kichwa cha sura inayofuata kinatosha kusema kwamba pamekatwa.

Sura zangu nimeziita "Safari", "Ugomvi", "Siri ya Baba" na "Uamuzi". Dada yangu anasema hazivutii. Ni kweli?

Dada yako ana sikio. Hayo ni maelezo ya mtu aliyekwisha kusoma hadithi na anaifupisha. Lile la tatu ndilo linaloniuma zaidi: linatangaza kwamba kuna siri, na kwamba ni ya baba, kabla mhusika hajaifikia. Umemnyang'anya ugunduzi wake.

Chukua jina kutoka ndani ya sura yenyewe, kitu kinachoshikika au neno lililosemwa. Kwa hadithi ile ya Pangani niliyoieleza juu ningependekeza "Mlango wa Uani", "Mtu wa Futikamba", "Ng'ambo ya Mto" na "Vikombe Viwili". Nilifikiria "Bweni" kwa ya tatu, nikaliacha, kwani asiyeujua mji huo atatarajia wanafunzi na vitanda vya ghorofa. Jina zuri huonekana dogo kabla ya kusoma, na likitazamwa tena baada ya kusoma limekua.

Methali nazo zinahitaji tahadhari. Ukiita sura "Asiyesikia la Mkuu", kila msomaji wako anaimalizia mwenyewe kichwani, na ameshajua guu litavunjika. Methali ya kichwani inafaa pale tu sura inapokwenda kinyume nayo.

Hadithi yangu ni maneno 1,800. Naweza kuigawa sura tano?

Unaweza, ila kila sura itakuwa na maneno kama 360, na msomaji atasimamishwa mara nne kabla hajazama. Chini ya maneno 3,000 mimi hutumia nyota pekee, mara mbili au tatu. Jaribu hivi: futa vichwa vyote vya sura, weka nyota mahali pake, kisha iache usiku mmoja na uisome kwa sauti. Ukifika mahali ukahisi unahitaji kimya kirefu kuliko cha nyota, hapo rudisha kichwa.