Maiki ya hedseti inarekodi safi, kwenye simu hawanisikii

*Fundi, habari za kazi. Nina hedseti ya Bluetooth ninayotumia na simu ya Android kupokea oda dukani. Mteja akipiga namsikia vizuri kabisa, ila yeye hanisikii hata neno. Nimejirekodi kwenye simu nikiwa nimeivaa, sauti imetoka safi. Si inamaanisha maiki ni nzima? Au ni mtandao?*

Mtandao uuache kwanza, dada. Hata hiyo rekodi usiiamini, maana inaelekea haikupita kabisa kwenye maiki ya hedseti. Kwenye Android, programu nyingi za kurekodi huchukua sauti kwa maiki ya simu yenyewe, hata kama hedseti imeunganishwa. Baadaye ukiicheza rekodi unaisikia masikioni, basi unadhani imeingia palepale inapotokea.

Hakikisha hivi. Anza kurekodi, kisha kwaruza kwa ukucha kitundu cha maiki ya hedseti huku ukisema "hedseti". Halafu kwaruza chini ya simu, pembeni ya tundu la chaji, useme "simu". Sikiliza. Mkwaruzo wa simu ukivuma na ule wa hedseti usisikike au usikike kwa mbali, jibu umelipata: ulijirekodi kwa simu. Hata usafi wa sauti wenyewe ni dalili. Maiki ya Bluetooth wakati wa maongezi kwa kawaida hupima sauti mara 8,000 au 16,000 kwa sekunde, wakati programu ya kurekodi mara nyingi huipima mara 44,100. Sauti ya hedseti ingekuwa nyembamba kidogo, kama ya redio ndogo.

Sasa tutazame ulichosema mwenyewe, kwamba mteja unamsikia hedsetini. Hilo linatupunguzia kazi. Sauti yake na yako hupita kwenye muunganisho mmoja wa simu, tofauti na ule wa muziki unaoenda upande mmoja tu. Kama swichi ya `Phone calls` kwenye mipangilio ya hedseti ingekuwa imezimwa, mteja ungemsikia kwenye simu, si masikioni. Kwa hiyo njia ipo, ila upande wako hauingizi kitu.

Anza na kitufe cha kunyamazisha. Hedseti nyingi zina kitufe kinachofunga maiki katikati ya maongezi, na zile zenye mkono wa maiki baadhi hujifunga ukiuinua juu. Mtu anaupandisha anywe chai, anasahau. Ukiwa kwenye simu, shusha mkono, bonyeza kitufe hicho mara moja na umwulize unayeongea naye. Tazama pia kama alama ya `Mute` kwenye skrini ya simu imewaka.

Kama siyo hilo, futa uhusiano wa zamani. Nenda `Connected devices`, gusa alama ya gia pembeni ya jina la hedseti, chagua `Forget`. Zima simu na hedseti, washa tena, uunganishe upya. Wakati mwingine muunganisho unakwama upande mmoja, na hii inatosha kuukwamua.

Bado kimya? Hapo namshuku maiki mwenyewe. Angalia kitundu chake kwa tochi. Jasho, poda na vumbi la duka huganda pale na kukiziba. Elekeza kitundu chini, kisugue kwa mswaki mkavu laini. Pini usiingize, maana ndani kuna kiwambo chembamba sana na ukikitoboa umemaliza kazi. Tena, aliyezibiwa kitundu kwa kawaida husikika kwa mbali na kwa kukatika. Ukimya kabisa unaelekea zaidi kwenye maiki iliyofungwa au iliyokufa.

Kipimo cha mwisho, kabla hujatoa hela: iunganishe na simu ya mtu mwingine, upige. Kama na huko hawakusikii, kasoro iko kwenye hedseti. Wakikusikia, rudi kwenye simu yako. Ukiwa na kompyuta ya Windows, fungua mipangilio ya sauti, chagua hedseti hiyo kwenye `Input`, uongee ukitazama mstari unaoonyesha kiwango cha sauti. Hakikisha umechagua hedseti na siyo maiki ya kompyuta, la sivyo utarudia kosa lilelile la rekodi.

Maiki ikiwa imekufa, kwenye hedseti ya bei ndogo gharama ya kuifungua na kubadilisha kijipande hicho mara nyingi inakaribia bei ya mpya. Ya bei kubwa yenye warranti, irudishe ulikonunua bila kuifungua. Kwa leo, chomeka earphone za waya zenye maiki, oda zisikupite.